Kitabu cha Muziki kwa Asiyesoma Nota: Jinsi ya Kukichagua na Kukisikiliza

Mtu anayependa muziki lakini hajui nota akiingia katika duka la vitabu, au akitafuta mtandaoni, hukutana na rafu mbili zinazofanana kwa majalada lakini zinajibu maswali tofauti kabisa. Rafu ya kwanza ni ya vitabu vinavyofundisha kusikiliza: sauti hii ni ya nini, kwa nini sehemu hii imerudi, wimbo umejengwaje. Ya pili ni ya historia: nani alitunga, alilipwa na nani, vyombo vya wakati ule vilikuwaje, watu walikaa wapi wakisikiliza. Wengi hununua cha rafu ya pili wakitumaini kupata cha rafu ya kwanza. Wanasoma kurasa 400 za maisha ya watunzi, wanajua nani alikufa maskini na nani aligombana na nani, kisha wanarudi kwenye muziki na kusikia kilekile walichokuwa wakisikia mwanzo.

Kuna jaribio ambalo nalitumia kabla ya kununua, na naliamini kuliko sifa zilizoandikwa nyuma ya jalada. Fungua ukurasa wowote unaozungumzia kipande kimoja cha muziki, soma sentensi, kisha jiulize: muziki huu ukipigwa, je, nitaweza kuinua mkono wakati hasa jambo hili linapotokea? Kitabu kikisema muziki «unabubujika kwa huzuni kuu ya roho», huna mahali pa kuinua mkono. Kikisema okestra yote inanyamaza ghafla na chombo kimoja kinabaki peke yake kikipiga polepole, utainua mkono hata kama hujawahi kuona nota maishani.

Hapo ndipo ugumu wote wa somo hili ulipo. Nota, kwa anayezisoma, kazi yake kubwa katika kitabu ni kuonyesha mahali. Mwandishi anaweka mstari mmoja wa nota, na msomaji anajua ni wapi hasa panapozungumziwa. Ukiziondoa nota bila kuweka kitu kingine badala yake, maneno yanabaki yanaelea. Kitabu kizuri kwa msomaji wetu ni kile kinachoweka alama nyingine za mahali: chombo kinachoingia, kimya, kitu kinachorudi, dakika na sekunde za rekodi inayotajwa kwa jina.

Aaron Copland, mtunzi wa Marekani, alitoa mihadhara kwa watu wa kawaida New York mwaka 1936 na 1937, na kutokana na mihadhara hiyo akachapisha mwaka 1939 kitabu kiitwacho What to Listen for in Music. Bado kinasomwa. Copland anasema tunasikiliza katika ngazi tatu. Ya kwanza ni ya raha tu ya sauti, kama unapofungua redio huku unafanya kazi nyingine. Ya pili ni ya hisia na maana, pale unapojiuliza wimbo huu unasema nini. Ya tatu ni ya muziki wenyewe: sauti zenyewe na jinsi zinavyopangwa. Anaona kwamba wasikilizaji wengi wanazijua vizuri zile mbili za kwanza na kuipita ya tatu. Kisha anachukua mdundo, melodi, upatanifu wa sauti na rangi ya sauti za vyombo, kimoja baada ya kingine, na baadaye anaingia kwenye umbo, yaani jinsi kipande kizima kilivyojengwa.

Sura za mdundo na rangi ya sauti hazimsumbui mtu. Wengi hukwama kwenye umbo, hasa umbo liitwalo sonata, ambalo ndilo mifupa ya simfonia nyingi za kuanzia nusu ya pili ya karne ya 18. Kitabu hueleza kwamba umbo hilo lina sehemu tatu kubwa: kwanza mawazo ya muziki yanatambulishwa, kisha yanavunjwavunjwa na kuzungushwa, kisha yanarudi. Hueleza pia kwamba kinacholisukuma ni safari kati ya ufunguo wa nyumbani, yaani kundi la sauti ambalo kipande huanzia na kurejea, na ufunguo mwingine. Msomaji anaelewa maelezo hayo. Anaweka simfonia, na baada ya dakika mbili hajui yuko wapi. Sababu ni kwamba anatafuta mabadiliko ya ufunguo, jambo ambalo sikio lisilofundishwa halilikamati kirahisi likitandazwa kwenye dakika nyingi. Anahitaji alama anazoweza kuzisikia.

Tuchukue kipande ambacho karibu kila kitabu cha aina hii hukitaja: sehemu ya kwanza ya Simfonia ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808. Mwanzo wake unajulikana hata na wasiojua jina lake, pigo tatu fupi na moja refu: ta-ta-ta-taaa. Tafuta rekodi ambayo sehemu hiyo ya kwanza ina urefu wa kama dakika saba na nusu. Sekunde nitakazotaja ni za makadirio, kwa kuwa kila kiongozi wa okestra ana mwendo wake.

Anza kwa kusikiliza mlango tu. Pigo zile nne zinapigwa mara mbili, na kila mara sauti ya mwisho inashikiliwa kwa muda. Baada ya hapo zinaanza kukimbizana kutoka kundi moja la fidla hadi jingine, na muziki unapanda kwa hasira. Kwenye sekunde ya 40 na kidogo, kila kitu kinakatika, na pembe za shaba peke yake zinapiga mwito mfupi kwa nguvu: zile pigo tatu tena, lakini safari hii zimefuatwa na sauti tatu ndefu. Inua mkono hapo. Mwito huo ni daraja. Upande wa pili wa daraja muziki unabadilika rangi: fidla zinaimba kwa upole, na giza la mwanzo linageuka kuwa mwanga. Kitabu kitaita hapo mada ya pili, katika ufunguo mwingine. Huhitaji kuutambua ufunguo. Mwito wa pembe umekwisha kukuambia kwamba umevuka.

Sikiliza jambo moja zaidi kabla hujaendelea. Fidla zikiwa zinaimba juu, sogeza masikio chini, kwenye vyombo vizito vya nyuzi. Ta-ta-ta-taaa ingalipo huko chini, inagongwa kwa sauti ndogo. Msomaji akilisikia hilo kwa mara ya kwanza anaelewa, bila somo la nadharia, watu wanamaanisha nini wanaposema kipande hiki chote kimejengwa kwa wazo moja.

Karibu na dakika 1 na sekunde 27 hivi, mwanzo unarudi wote kama ulivyokuwa, tangu mlangoni. Wengi hudhani hapa ndipo «marudio» yanayotajwa vitabuni. Sivyo. Utambulisho unapigwa mara ya pili ili msikilizaji aushike, na Beethoven ameandika hivyo makusudi. Utaupitia mlango, utasikia pembe tena, utasikia upole tena, na utafika karibu na dakika ya 3.

Kuanzia hapo ndiyo sehemu ya kuvunjavunja. Badala ya kujaribu kufuata kila kitu, tegea jambo moja: kadiri muziki unavyokwenda, vipande vinapungua. Ule mwito wa pembe unachukuliwa na kukatwa hadi zinabaki sauti mbili, kisha moja tu, inayorushwa kati ya vyombo vya kupuliza na vyombo vya nyuzi, huku na huku, ikififia. Kwa muda unaonekana kama muziki umepoteza pumzi. Halafu okestra nzima inalipuka na pigo nne za mlango zinarudi kwa nguvu zote. Hayo sasa ndiyo marudio.

Je, utajuaje kwa hakika? Muda mfupi baada ya mlipuko huo, mahali ambapo mara zile mbili za kwanza fidla zilishikilia tu sauti moja, kila chombo kinanyamaza na obo inabaki peke yake. Obo ni ya ukoo mmoja na zumari, kwa kuwa zote mbili hupulizwa kupitia matete yaliyopachikwa pamoja. Inapiga kifungu kifupi, polepole, bila haraka yoyote, kisha mbio zinaanza tena. Huwezi kukipita kifungu hicho bila kukiona, na hakipo mahali pengine popote katika sehemu hii. Ukisikia obo, uko ndani ya marudio, karibu na dakika 4 na nusu.

Muda mfupi baadaye linakuja lile daraja. Sikiliza kwa makini: pigo ni zilezile, lakini sauti si ya pembe. Ni basuni, chombo kirefu cha mbao chenye sauti nzito ya kukwaruza kidogo, na kinasikika kinyonge ukilinganisha na ule mwito wa kwanza.

Kwa nini? Swali hili haliwezi kujibiwa na kitabu cha kusikiliza, na hapa ndipo rafu ya pili inapoanza kuwa na faida. Mwaka 1808 pembe ya okestra ilikuwa bomba tupu lisilo na vali, yaani vifaa vya kubonyeza vinavyobadili urefu wa bomba. Mpigaji alipata tu zile sauti ambazo bomba la urefu ule linazitoa kwa asili yake. Akitaka ufunguo mwingine alilazimika kubadilisha kipande cha bomba, na akitaka sauti za katikati alikuwa anaziba mdomo wa pembe kwa mkono, na sauti ikatoka imefifia. Pembe za sehemu hii zimewekwa kwa ufunguo wa ile mada ya pili inapotokea mara ya kwanza. Inaporudi, iko katika ufunguo mwingine, na mwito ule haungeweza kutoka kwa nguvu ileile. Vali za pembe zilibuniwa Ujerumani kati ya 1814 na 1818, baada ya simfonia kuwa imekwisha chapishwa. Haya ndiyo maelezo ya kawaida. Wapo wanaoamini kwamba Beethoven aliitaka sauti ya basuni kwa ajili ya rangi yake, na wapo viongozi wa okestra wanaowapa pembe mwito huo siku hizi kwa hoja kwamba angefanya hivyo kama angeweza. Kwa hiyo ukisikia pembe mara ya pili pia, usidhani umepotea njia. Umepata rekodi ya kiongozi aliyeamua hivyo.

Baada ya mada ya pili kurudi, mtu aliyesoma kuhusu sehemu tatu anatarajia mwisho, na mwisho hauji. Giza linarejea na muziki unaendelea kwa dakika nzima na zaidi, ukileta hata mambo ambayo hayakusikika mwanzoni. Hii ni koda, ambayo kwa watunzi wengi waliotangulia ilikuwa kifungo kifupi cha kufungia. Hapa ina urefu karibu sawa na utambulisho, na karibu sawa na ile ya kuvunjavunja. Kwa hiyo anayehesabu kwa masikio atapata sehemu nne zinazokaribiana kwa urefu, wakati kitabu kimemwambia tatu. Naona ni vizuri msomaji akutane na hali hiyo mapema, ajue kwamba kitabu kinaeleza desturi na mtunzi halazimiki kuifuata.

Njia hii ina matatizo mawili ambayo humfanya mtu aachane na kitabu mapema. La kwanza ni sekunde kutolingana. Kitabu kinasema obo iko dakika fulani, wewe unaisikia dakika moja na nusu kabla. Angalia urefu wa rekodi yako. Ikiwa sehemu ya kwanza ina dakika kama sita, yamkini kiongozi ameacha kurudia utambulisho, kama walivyofanya wengine katika rekodi za zamani, na kila alama inayofuata inakuja mapema kwa kiasi hicho. Ndiyo maana alama za sauti, yaani pembe, kufifia, obo na basuni, zina thamani kuliko sekunde. Zenyewe zinahama pamoja na muziki.

La pili ni hadithi. Kitabu kingi cha rafu ya kwanza kikikosa namna ya kuonyesha mahali, hukimbilia kisa. Kuhusu pigo nne hizi utaambiwa kwamba Beethoven alisema ni majaliwa yanabisha hodi mlangoni. Chanzo cha maneno hayo ni Anton Schindler, aliyekuwa katibu wake, na katika miaka ya 1970 ilithibitika kwamba Schindler alighushi maandishi katika vitabu ambavyo Beethoven, kwa kuwa alikuwa kiziwi, alivitumia kuzungumza na wageni wake. Mwanafunzi wa Beethoven, Carl Czerny, alitoa asili nyingine kabisa: mlio wa ndege. Mwandishi anayekupa kisa cha hodi bila kukuambia kimetoka kwa nani anakunyima jambo ulilopaswa kulijua, na huenda amefanya hivyo katika kurasa nyingine pia.

Msomaji wa Kiswahili atauliza kuhusu muziki wa kwetu. Vitabu vipo, na vingi vyenye nguvu ni vya historia. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Laura Fair, katika Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameziweka nyimbo za Siti ndani ya mitaa ya Unguja na mahakama za kikoloni, na ukimsoma utaelewa wimbo wa Kijiti unalalamikia nini: mgeni ameuawa, muuaji ametoroka kwenda bara, na adhabu imewaangukia waliobaki. Janet Topp Fargion ana kitabu cha mwaka 2014 kuhusu taarab ya Unguja katika karne ya 20. Kwa upande wa Kongo, Gary Stewart alitoa Rumba on the River mwaka 2000, na ni kitabu kinene cha wanamuziki, kampuni za santuri na siasa za pande zote mbili za mto.

Kinachokosekana ni kitabu cha Kiswahili kinachomwongoza msikilizaji ndani ya wimbo, mahali kwa mahali. Wala huwezi kuchukua sura za Copland na kuzibandika juu ya taarab. Upatanifu wa sauti, ambao ni nguzo nzima katika kitabu chake, si nguzo ya taarab ya kale. Pale udi, kanuni, fidla na mwimbaji hutembea juu ya melodi moja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake. Kilicho tele ni mapambo hayo, ngazi za sauti za Kiarabu, na ubeti. Anayesubiri koadi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, zibadilike atasema hapana kitu, kumbe kipo kingi, ila kiko kwingine.

Jaribio la kuinua mkono, hata hivyo, linafanya kazi. Chukua wimbo mmoja wa taarab wa zamani na utafute alama tatu tu: vyombo vinapoacha utangulizi na mwimbaji kuingia, vyombo vinapojibu baada ya ubeti, na ni kipi kinachoongoza jibu hilo, na mahali ambapo melodi ya ubeti mmoja inapanda juu kuliko ilivyokwisha panda. Andika sekunde zake pembeni mwa kitabu cha historia, kwenye ukurasa unaoutaja wimbo huo. Ukiwa na nyimbo tano zilizowekwa alama hivyo, kitabu ambacho kilikuwa cha historia tupu kinakuwa pia kitabu cha kusikilizia.

Historia nayo itakueleza alama ambazo ungezidhania ni za kimuziki kumbe ni za chombo cha kurekodia. Siti na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya Gramofoni, upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu. Taarab barazani haikuwa na mpaka huo. Kwa hiyo unaposikia rekodi ya enzi ile ikianza upesi na kukoma upesi, usiichukulie kuwa ndiyo desturi ya uimbaji wa wakati ule.

Jambo hilohilo linasikika kwenye rumba. Santuri ndogo za baadaye zilikuwa na pande mbili fupi, na nyimbo nyingi za Kinshasa ziligawanywa: upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene, gitaa zikizunguka na watu wakicheza. Leo pande hizo zimeunganishwa na kuwekwa mtandaoni kama wimbo mmoja, na katikati utasikia muziki ukififia, kimya kifupi, kisha unarudi. Si mbinu ya mtunzi, ni mahali ambapo mtu alikuwa akigeuza santuri. Linganisha na Mario ya Franco, ya mwaka 1985, enzi ya santuri kubwa. Wimbo huo unachukua zaidi ya dakika 10, na malalamiko ya msimulizi yana nafasi ya kujirudia na kukua bila kukatwa na ukingo wa santuri.